Maji Yanayoonekana Mwisho Wake

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Bukavu maji hayakai katika bomba. Bomba ni njia tu, na njia hiyo aghalabu huwa kavu. Maji hukaa katika tangi. Anayetaka kujua kama nyumba fulani inaweza kuwa na dushi asitazame kwanza ukuta wa bafu wala uzuri wa vigae vyake. Apande hadi kwenye tangi, aligonge ubavuni kwa vidole, asikilize mlio unabadilika wapi. Hapo juu mlio ni mtupu, hapo chini ni mzito, na mpaka kati ya milio hiyo miwili ndio mali yote ya nyumba mpaka bomba litakapolia tena.

Nyumbani kwetu, Kadutu, tuko watu wanane: mimi na mke wangu, watoto wetu wanne, mama yangu mzazi, na mdogo wangu aliyerudi kwetu baada ya masomo yake Kinshasa. Tangi letu ni la plastiki nyeusi, la lita 1,000, nalo limekaa nyuma ya nyumba juu ya msingi wa mawe. Bomba huja usiku, mara mbili kwa juma, tena si kila juma. Kwa hiyo tangi likijaa tunajua kwamba yatupasa kuishi nalo siku tatu, au nne. Tumezoea kuhesabu nne.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta neno la dushi. Kule alikokaa alizoea maji ya kumwagika kutoka juu, na aliporudi kwenye ndoo na kopo alijisikia kama mtu aliyerudishwa darasa la nyuma. "Yaya," aliniambia, "tangi tunalo, kilima tunacho, na fundi anataka siku mbili tu. Kwa nini tuendelee kuoga kama watu wasio na tangi?" Swali lake lilikuwa la haki, nami sikutaka kulijibu kwa mkunjo wa uso. Nilimwambia tupime kwanza, kabla ya kutoboa ukuta.

Tulianza kwa kuhesabu tangi lenyewe. Lita 1,000 zilizoandikwa ubavuni si lita 1,000 za kutumia, kwa sababu tundu la kutolea maji haliko sakafuni mwa tangi; liko juu kidogo, ili matope yanayotulia chini yasiingie katika mpira. Lita kama 50 hubaki humo daima, pamoja na udongo mwekundu ambao bomba hutuletea kila mvua kubwa inyeshapo. Zinabaki lita 950. Zigawe kwa siku nne, utapata lita 237 kwa siku, kwa watu wanane.

Kisha tulihesabu matumizi. Kwa siku tatu mke wangu aliandika kila bidoni na kila ndoo kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Kupika na kunywa, lita 45. Vyombo, 35. Kufua, tukigawa siku ya kufua kwa siku zote, 50. Usafi wa sakafu na choo, 35, hapo tukiwa tumekwisha kutumia chooni maji yaliyofulia nguo. Jumla ni lita 165. Kwa hiyo kwa ajili ya miili ya watu wanane zilibaki lita 72 kwa siku, wala si zaidi.

Ndoo inatosha humo, tena inaacha akiba. Mtu mzima wa kwetu huoga kwa lita 11 hivi, mtoto kwa 6. Wazima wanne na watoto wanne hufanya lita 68. Nakumbuka mdogo wangu alipoiona hesabu hiyo ukutani alinyamaza kidogo, maana tofauti ya 68 na 72 ilikuwa ni ndoo ndogo ya kunawia mikono. Hakuna aliyeipanga hesabu hiyo. Nyumba ilikuwa imejipanga yenyewe kwa miaka, kila mtu akijifunza kuishi ndani ya ndoo yake.

Ilibaki kupima dushi. Tulivuta mpira kutoka kwenye tangi lililojaa, tukaupitisha dirishani mwa bafu, tukaufunga kwenye mti mita mbili kutoka sakafuni, mahali ambapo kichwa cha dushi kingekaa. Chini tuliweka ndoo ya lita 10, na mwanangu wa pili akashika simu yenye saa. Hivi ndivyo kila mtu awezavyo kupima kwake, bila chombo chochote cha fundi. Mpira mtupu ulijaza ndoo kwa sekunde 55. Kisha tulifunga kichwa cha dushi alichokinunua mdogo wangu sokoni, kizuri, cheupe, chenye vitundu vidogo kama vya sindano. Ndoo ikachukua zaidi ya dakika tatu na nusu, na maji hayakuruka bali yalilia machozi, yakishuka yameshikamana na shingo ya chombo. Mwishoni tulifunga kichwa cha kopo la kumwagilia bustani, lenye matundu mapana zaidi. Dakika mbili kamili. Maji yakaanguka kama mvua ya kweli, na watoto wakapiga makofi.

Sababu ya tofauti hiyo ni kimo. Nguvu ya maji yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe hutokana na urefu ulioko kati ya uso wa maji ndani ya tangi na mahali yanapotokea, si na wingi wa maji. Mita 10 za urefu hutoa nguvu ya bari moja. Vichwa vya dushi vya sokoni vimetengenezwa kwa nyumba zenye bari moja na zaidi. Kwetu, tangi likiwa limejaa, uso wa maji uko mita 2.2 juu ya kichwa cha dushi. Likikaribia kwisha, uko mita moja tu. Yaani tuna sehemu ya tano ya bari siku ya kwanza, na sehemu ya kumi siku ya mwisho. Kwa nguvu hiyo vitundu vya sindano haviwezi kurusha kitu, tena huzibwa na chembe ya kwanza ya udongo. Matundu mapana machache ndiyo yafaayo.

Mdogo wangu alikuwa na dawa yake: tuliinue tangi mita mbili zaidi, juu ya nguzo za miti. Hapo nilikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito. Lita 1,000 ni tani moja, na tani moja juu ya nguzo, ukingoni mwa kilima chetu, juu ya vichwa vya majirani, si jambo la kuchezea katika mji uliotikiswa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Mawe yaliyo chini ya tangi letu hayapendezi macho, lakini hayatembei. Sababu ya pili ilimshangaza zaidi. Tungeliinua tangi mita mbili, maji yangetoka kwa wingi mara moja na nusu hivi kuliko sasa; na hayo yote yangetoka katika tangi lile lile la lita 950. Kimo hakiongezi tone hata moja. Kinafupisha tu siku za tangi.

Basi tukafanya hesabu ya dushi kwa kichwa cha kopo la bustani, lita 5 kwa dakika. Nilimwomba mdogo wangu aoge kama alivyokuwa akioga Kinshasa, bila kujizuia, mwanangu akihesabu nje ya mlango. Dakika nane. Dakika moja ya kujilowesha, kama nne za kupaka sabuni, na tatu za kujisuuza. Lita 40. Katika hizo, lita 20 zilianguka wakati mikono yake ikiwa na sabuni kichwani, yaani zilimpita tu na kwenda zake. Mwenye ndoo hana kipindi hicho. Anapojisugua, kopo liko sakafuni, na maji yanamngoja.

Wazima wanne wakioga hivyo kila siku ni lita 160. Ongeza 24 za watoto na 165 za nyumba, utapata lita 349 kwa siku. Tangi lililopaswa kufika siku ya nne litakwisha siku ya tatu, jua likielekea kuzama. Toka hapo hadi bomba lirudi, nyumba itahitaji karibu lita 300 kutoka mahali pengine, na mahali pengine ni chemchemi iliyoko bondeni. Lita 300 ni bidoni 15 za lita 20, na kila bidoni ni kilo 20 za kupandisha.

Nani atazipandisha? Si mimi ninayekwenda kazini saa moja asubuhi, wala si mdogo wangu anayezunguka mjini na barua zake za kuomba kazi. Katika kilima chetu nyote mwajua ni nani mnayekutana naye kwenye ngazi za chemchemi kabla ya jua: ni msichana wa miaka 14 mwenye sare ya shule chini ya kitenge, amefunga bidoni mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Kwetu ni binti yangu wa kwanza. Nilimwambia mdogo wangu waziwazi kwamba dushi hiyo isingelipwa kwa faranga za fundi tu. Ingelipwa kwa shingo ya mtoto huyu. Aliinamisha kichwa, na hakusema tena neno la dushi kwa majuma mawili.

Ningeweza kuishia hapo, na ndoo ingekuwa imeshinda. Lakini ilikuwapo hesabu nyingine ndani ya nyumba ile ile ambayo hatukuwa tumeiandika kwa chaki.

Mama yangu amevuka miaka 70. Nyonga yake ya kushoto inamuuma, na bega la kulia halipandi tena juu ya sikio. Kuoga kwa ndoo kunataka mambo mawili kutoka kwa mwili: kuinama hadi ndoo ilipo, na kuinua kopo hadi juu ya kichwa. Kwa kijana mambo hayo si kitu. Kwa Mama yalikuwa yamekuwa kazi ya kutisha, na kwa kuwa hapendi kumsumbua mtu, alikuwa akijipunguzia siku za kuoga kimya kimya. Mke wangu ndiye aliyetambua, kwa kuona kitambaa chake kikikaa kikavu kwenye kamba. Alipomwuliza kwa upole, Mama alijibu, "Mwanangu, sakafu imekuwa mbali."

Kwanza tuliinua ndoo. Tuliiweka juu ya kigoda kirefu, na Mama akapewa kiti cha plastiki cha kukalia, miguu yake tukiipunguza kwa msumeno ili kikae sawa juu ya mteremko wa sakafu. Hilo liliondoa kuinama. Nawashauri wote wenye mzee nyumbani waanze hapo, maana halina gharama. Bega, hata hivyo, lilibaki vile vile. Kopo lilifika shingoni, halikufika kichwani, na nywele zilibidi zioshwe na mtu mwingine. Mtu asiyeweza kuinua mkono anahitaji maji yanayoshuka yenyewe. Kwa hiyo dushi ilirudi mezani, safari hii ikiletwa na bega la Mama, na hapo hapo ikawa kitu kingine.

Jambo tulilojifunza kwenye vipimo ni kwamba ubaya wa dushi hauko katika maji kushuka kutoka juu. Uko katika kuunganishwa na tangi. Anayefungua robine iliyounganishwa na lita 950 haoni mwisho wa maji yake. Mwisho huo utamfikia mtu mwingine, siku nyingine. Ndoo ina mwisho unaoonekana. Basi tukaamua kutengeneza dushi yenye ndoo yake yenyewe, isiyounganishwa na tangi hata kidogo.

Kazi hiyo aliifanya mdogo wangu kwa mikono yake, na kwa kweli aliifanya vizuri. Alichukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko, ile ngumu ya rangi za kuta, akaiosha kwa mchanga na sabuni mpaka harufu ikaisha. Alitoboa tundu ubavuni, vidole viwili juu ya kitako, na si kwenye kitako chenyewe, kwa sababu ile ile ya tangi: udongo utulie chini, usishuke kwenye kichwa. Tundu lilitobolewa kwa chuma kilichopashwa moto, kisha likasawazishwa kwa kisu hadi likawa duara kamili. Katika tundu alipitisha kiungo chenye nyuzi, akaweka mpira wa duara upande wa ndani na mwingine upande wa nje, akakaza nati mpaka mipira ikatokeza kidogo pembeni. Ukikaza kupita hapo plastiki hupasuka. Ukikaza pungufu, tone litaonekana chini ya nati baada ya usiku mmoja. Tuliijaza ndoo jioni, tukaiweka juu ya karatasi kavu, na asubuhi tukaisoma karatasi.

Kutoka kwenye kiungo hicho bomba fupi hushuka hadi kifuani pa mtu aliyekaa. Hapo ndipo palipowekwa robine, kisha mpira mwepesi unaopanda tena na kuishia kwenye kichwa kilichofungwa ukutani. Ndivyo alivyochora kwanza, nasi tukaujaribu mchoro huo, na maji yakagoma kutoka ingawa ndoo ilikuwa imejaa. Robine ilikoroma mara mbili ikanyamaza. Ilikuwa hewa. Kila mahali bomba linapopanda na kushuka, hewa hukaa pale juu kwenye kilima chake, na maji yenye nguvu ndogo kama yetu hayana uwezo wa kuisukuma. Katika nyumba yenye bari mbili huwezi kuliona jambo hili. Katika nyumba ya tangi na ndoo utaliona kila maji yanapokwisha na kujazwa upya. Dawa ni bomba kushuka tu, tangu ndoo hadi kichwani, bila kupanda hata kwa upana wa kiganja. Basi akaondoa mpira, akaweka kichwa moja kwa moja chini ya ndoo, na robine akaichagua ile ya mkono mfupi inayofunga kwa robo ya mzunguko, akafunga kamba mbili kwenye mkono huo. Kamba ya kushoto hufungua, ya kulia hufunga. Mama anazifikia akiwa amekaa.

Nisisitize kidogo juu ya robine hiyo, maana nimeona watu wakibana fedha hapo hapo pasipostahili. Robine ya kusokota, inayotaka mizunguko mitatu, haifungwi na mtu mwenye sabuni mikononi na machoni. Ataiacha ikimwagika. Dushi inayofungwa wakati wa sabuni hutumia nusu ya ile isiyofungwa; kwa mdogo wangu ingekuwa lita 20 badala ya 40. Akiba yote ya dushi imo katika kipande hicho kimoja cha chuma na mahali kilipowekwa.

Ndoo yenyewe ilikaa wapi? Hapa kilima kilitusaidia. Bafu letu limechimbwa katika mteremko, kwa hiyo ardhi ya nyuma iko juu zaidi ya sakafu yake kwa zaidi ya mita moja. Tulipachika ubao mnene juu ya matofali mawili yaliyotokeza, tukatoboa kidirisha ukutani, na sasa anayejaza ndoo husimama nje, upande wa nyuma, akaimimina kwa kimo cha kifua chake. Hakuna kupanda ngazi na maji ya moto mkononi. Wanaokaa mahali pa tambarare watahitaji kapi na kamba ya kuishusha na kuipandisha ndoo. Hapo wakumbuke kwamba ndoo iliyojaa ni kilo 20, na wafunge kamba ya pili ya usalama kwenye boriti, isiyotegemea fundo la kwanza.

Juu ya maji ya moto, ndoo ina sifa ambayo dushi ya tangi haiwezi kuipata kwetu. Asubuhi za Bukavu ni baridi, na maji ya tangi hukaa kwenye nyuzi 19 hivi. Kupasha lita 40 kwenye mbabula ni makaa ya siku nzima. Lakini lita 3 zinazochemka zikimiminwa juu ya lita 9 za baridi hutoa lita 12 za nyuzi kama 37, joto la mwili wenyewe. Kwa mwinuko wetu wa mita kama 1,500 maji huchemka yakiwa na nyuzi 95, si 100, nalo halibadilishi hesabu sana. La muhimu ni utaratibu: baridi kwanza, moto baadaye, koroga, jaribu kwa kiwiko. Maji ya moto yakitangulia, hulainisha plastiki karibu na kiungo, na nati hulegea kabla ya mwezi kwisha.

Mama huoga kwa lita 12 hizo. Kichwa tulikitengeneza kwa kifuniko cha chupa pana chenye matundu machache, na hutoa kama lita 3 na nusu kwa dakika. Hujilowesha kwa nusu dakika, hufunga, hujipaka sabuni bila haraka, hufungua tena. Ndoo inapokaribia kwisha yeye huhisi kabla ya kuona, kwa kuwa mvua hulegea. Mtiririko haushuki sawasawa na kimo: maji yakipungua nusu ya urefu wake, mtiririko hupungua kwa karibu theluthi moja tu, kisha mwishoni hulegea upesi. Zile dakika za mwisho ni kama mtu anayekuambia kwa sauti ya chini kwamba umalize.

Lita 11 za jana zimekuwa 12. Jumla ya nyumba ni 69, ingali chini ya 72. Binti yangu hajaongezewa hata bidoni moja.

Neno moja juu ya maji yanayotoka bafuni, kwa sababu katika mji wa miteremko maji machafu huwa na jirani. Lita 69 kwa siku tunazielekeza kwa mfereji mdogo wa saruji hadi kwenye migomba iliyoko ubavuni mwa kiwanja, nayo huzinywa. Tungeoga kwa dushi ya tangi, zingekuwa 184, na migomba mitatu isingezimaliza. Zingeanza kunyonywa na udongo ulio nyuma ya ukuta wa mawe unaotutenganisha na nyumba ya chini. Ukuta kama huo hauanguki kwa mvua ya siku moja. Hulowa polepole, huanza kutokeza tumbo katikati, kisha ufa mwembamba huonekana juu, sambamba na kilima. Anayeona ufa wa namna hiyo chini ya bafu la jirani yake asingoje masika. Aende akabishe hodi.

Mdogo wangu angali anaoga kwa ndoo na kopo, lakini Jumamosi huomba zamu kwenye dushi ya Mama, naye hulipa kwa kujaza ndoo zote mbili mwenyewe. Tulikubaliana kwamba ifikapo Juni, mvua zitakapokatika na mapipa ya chini ya mabati yatakapokauka, zamu hiyo itasimama hadi Septemba. Kwa sasa ananunua ndoo ya pili ya rangi, tupu, kwa fundi mpaka-rangi wa mtaani. Mke wangu amemwambia aihakikishe ina kifuniko, maana mbu hawabishi hodi.

Mipira ya duara ya kiungo cha kwanza tuliibadilisha baada ya miezi mitano, ilipoanza kukakamaa. Tunaikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, vipande viwili kwa mara moja, na vingine viwili hukaa katika kikopo juu ya dirisha la jiko.